SD au SE kwenye jedwali la uzito wa kuku? Naprinti Ijumaa

mtetea_24
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa napeleka tasnifu kuprinti na kubaindi, nimekwama. Nimelinganisha vyakula viwili vya kuku wa nyama, A na B. Kwenye jedwali la uzito wa wiki ya sita msimamizi wangu anataka wastani ± SE. Mtahini wa ndani naye kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "SD!!", basi, hakuna maelezo. Niweke ipi? Nimeshabadilisha mara tatu.

Lodilofa
Weka SE dada. Namba zinakuwa ndogo, jedwali linapendeza, hakuna atakayekusumbua. Sisi tulimaliza hivyohivyo.

Babu Kokotoo
Lodilofa, usimpoteze mtoto wa watu. Na wewe dada umeleta mgonjwa hujasema anaumwa wapi. Kuku wangapi kila chakula? Wastani na SD ni ngapi? Jedwali lenyewe linaeleza kuku walivyokuwa, au linataka kusema chakula kipi kinanenepesha zaidi?

mtetea_24
Samahani mkuu. Kuku 36 kila chakula. A wastani gramu 1,820, SD 240. B wastani 1,910, SD 250. SE nimepata 40 na 42. Jedwali ni la kuonyesha matokeo tu.

Babu Kokotoo
Hiyo "matokeo tu" ndiyo inayowagombanisha wakubwa wako, kila mmoja anajibu swali lake.

Chukua A. SD ya 240 inawazungumzia kuku. Ukiingia bandani ukamkamata yeyote, usishangae akiwa na 1,600 au 2,050. Kama uzito haukuelemea upande mmoja, karibu theluthi mbili yao watakuwa kati ya 1,580 na 2,060. SE haimjui kuku hata mmoja. Yenyewe inauzungumzia ule wastani wa 1,820: ungerudia jaribio na kuku wengine 36, wastani ungecheza kiasi gani? Unagawa 240 kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6, unapata 40. Ungepima kuku 3,600, SE ingeshuka hadi 4, lakini SD ingebaki kwenye 240 hivi. Kuku hawaanzi kufanana kwa sababu umewapima wengi.

Kwa hiyo ukieleza kuku, SD. Ukikadiria wastani, SE, au bora zaidi mipaka ya asilimia 95, yaani wastani ukitoa na ukijumlisha SE mara 2, hapa kama 1,740 hadi 1,900. Vyovyote utakavyochagua, iandike kwenye kichwa cha jedwali. Alama ya ± peke yake haisemi kitu.

Mzee wa Mashudu
Hiyo ± isiyosema kitu iliniumiza mimi. Mwaka juzi nilichukua vifaranga 200 kwa muuzaji mmoja, simtaji. Kikaratasi chake kiliandika uzito wa wiki sita "kilo 1.9 ± 0.03". Mimi na elimu yangu ya darasa la saba nikaelewa kuwa kuku wote watacheza kati ya 1.87 na 1.93. Nikaenda hotelini nikaahidi kuku hai wasiopungua kilo 1.7, nikaona hata nimejiwekea akiba. Siku ya kupima, mpishi alisimama na mzani wake wa ndoano pale mlangoni, anamning'iniza mmoja mmoja. 43 wakarudi. Nimekaa nao kwenye matenga juani, wengine wana kilo moja na nusu, wengine mbili na ushee. Muuzaji nilipompigia akasema "wastani si umefika?" Na kweli ulifika! Nikauza waliobaki mtaani kwa hasara, maji na nauli juu yangu.

Babu Kokotoo
Mzee pole. Kikaratasi kilisema walipima kuku wangapi?

Mzee wa Mashudu
Kwa maandishi madogo chini kabisa, kuku 70.

Babu Kokotoo
Basi hiyo ilikuwa SE. Irudishe nyuma: 0.03 mara kipeuo cha pili cha 70, ambacho ni kama 8.4, unapata SD ya kilo 0.25. Kilo 1.7 iko 0.2 chini ya wastani, yaani SD 0.8. Hapo tegemea kuku mmoja kati ya watano kuwa chini ya mstari. Kwa 200 ni kama 40. Wewe ulirudishiwa 43. Hesabu ilikuwepo kwenye karatasi tangu mwanzo, imefichwa tu.

Mzee wa Mashudu
Daah. Ningejua.

Nahau
Naomba tuandike Kiswahili. SD ni mkengeuko sanifu, SE ni kosa sanifu. Hizi herufi mbilimbili ndizo zinazowachanganya watu.

Lodilofa
Shuleni tuliambiwa mchepuko. Na "kosa" unamtisha mtu, atadhani amekosea kupima.

Nahau
Mchepuko siku hizi una maana nyingine mtaani, ndugu yangu.

Lodilofa
😂 Turudi kwa dada. Mimi bado SE. Angalia: A ikipanda SE moja inafika 1,860. B ikishuka SE moja inafika 1,868. Mistari haigusani, B imeshinda. Kwa SD usingeona hilo.

Babu Kokotoo
Nusu umepatia: ukilinganisha wastani, SE ndiyo inayohusika. Lakini mistari ya SE kutogusana haitoshi. Tofauti ni gramu 90, na tofauti nayo ina SE yake: 40 mara 40, jumlisha na 42 mara 42, kisha tafuta kipeuo cha pili, unapata 58. Mipaka yake inatoka kama −25 hadi 205. Sifuri imo ndani. B haijashinda.

Dada, swali moja nililosahau. Kuku 36 walikaa banda moja?

mtetea_24
Hapana, vyumba vinne vya kuku tisa tisa kila chakula. Kila chumba na chombo chake cha chakula.

Babu Kokotoo
Hilo lilitakiwa kutangulia. Chakula umekigawa kwa vyumba, hukumlisha kuku mmoja mmoja. Chumba kikiwa na joto au chombo kikimwaga, wote tisa wanaumia pamoja. Nipe wastani wa kila chumba cha A.

mtetea_24
1,700, 1,790, 1,850, 1,940.

Babu Kokotoo
SD ya hizo nne ni 101, gawa kwa 2, SE ni 50 na kitu. Na kwa vyumba vinne tu huzidishi kwa 2, unazidisha kwa 3.18, mipaka inakuwa kama 1,660 hadi 1,980. Ile 40 ya mwanzo ilikupa ujasiri usio wako. SD ya 240 ya kuku mmoja mmoja iache, hiyo inaeleza kuku vizuri tu.

Lodilofa
Mkuu, hapo unamwambia arudie sura ya nne yote siku tatu kabla. Chuoni kwetu kila mtu anagawa kwa idadi ya kuku.

Babu Kokotoo
Najua. Nimewasahihisha.

mtetea_24
Shida ni kwamba SPSS nilijaza kuku wote safu moja, na namba za vyumba vya B sikuziingiza. Daftari lipo kwa kijana wa banda, kaenda kwao Kilosa.

Babu Kokotoo
Mpigie leo hii hii.

Mzee wa Mashudu
Samahani dada, hiyo B ni chakula gani? Kina mashudu ya alizeti au ya pamba? Na hao kuku ulishawauza?