Daftari la kaunta, tiketi za nakala au Lipa Namba tupu: kipi kinazuia hela ya saluni kupotea?

Mama_Sinza
Habari za jioni wapendwa. Nina saluni Sinza, wasusi watano na binti mmoja wa kaunta. Msusi anachukua asilimia 40 ya kazi yake. Jumamosi iliyopita daftari lilionyesha keshi 385,000 na simu 255,000. Asubuhi niliacha chenji ya 50,000, na matumizi ya siku yalikuwa 28,000. Kwa hiyo droo ilitakiwa kuwa na 407,000. Nimekuta 357,000. Binti huyu ni mtoto wa dada yangu, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je, nibaki na daftari, ninunue vitabu vya tiketi vyenye nakala, au nikatae keshi kabisa?

LipaTu
Kataa keshi, dada. Lipa Namba ikibandikwa ukutani hakuna wa kugusa hela. Droo ndiyo inayozaa wizi.

Kinyozi_Tandika
Na mimi naomba kuuliza hapohapo, mtandao gani una makato nafuu ukihamisha hela kwenda benki? Nahamisha kila siku na naona inaliwa kidogokidogo.

Mhasibu_Mstaafu
Kinyozi, hamisha mara moja kwa wiki, na makato yaandike kwenye matumizi, usiyapunguze kwenye mauzo.

Mama, kabla hujamshika binti, tazama upande wa simu. Usisome salio, maana salio limebeba hela ya juzi. Chukua taarifa ya miamala ya Jumamosi peke yake, ujumlishe zilizoingia. Ni ngapi?

Mama_Sinza
Nimejumlisha mara mbili. 290,000.

Mhasibu_Mstaafu
Basi simu imezidi 35,000 na droo imepungua 50,000. Pengo lako halisi ni 15,000. Keshi ikipungua na simu ikazidi kwa kiasi kilekile, mara nyingi mteja aliandikwa keshi kumbe alilipa kwa simu, au alituma zaidi akarudishiwa chenji kutoka droo. Tafuta huduma ya 35,000 iliyoandikwa keshi, ulinganishe na saa ya muamala.

Mama_Sinza
Ipo! Rasta za saa 11 jioni, 35,000, zimeandikwa keshi. Muamala umeingia saa 11 na dakika 10. Mungu anisamehe, nilishamkunjia uso mtoto wa watu.

Dada_wa_Kaunta
Shikamoo mama. Mimi nakaa kaunta saluni nyingine. Jumamosi wasusi huja wenyewe kuchukua chenji kwenye droo, "nitakwambia baadaye", halafu kumeshajaa. Jingine, meseji za Lipa Namba zinaingia kwenye simu ya nani? Kwetu zilikuwa zinaingia kwa bosi nyumbani. Mteja ananionyesha meseji kwenye simu yake, mimi nakubali. Siku moja meseji ilikuwa feki, nikakatwa mshahara.

Mama_Sinza
Marahaba mwanangu. Kwangu pia zinaingia kwenye simu yangu, nami nakuwa sokoni.

Mhasibu_Mstaafu
Hapo ndipo pa kuanzia. Laini ya Lipa Namba ikae kaunta, namba ya siri ubaki nayo wewe. Binti aone hela imeingia ndipo aandike.

Kuhusu kuchagua: daftari linatosha pale mkono mmoja tu unapogusa droo, lakini ukurasa huchanwa na mteja asiyeandikwa haonekani. Tiketi zina namba zinazofuatana. Msusi anakata mteja akikaa kwenye kiti, anaandika huduma na bei. Nakala moja inakwenda kaunta, nyingine anabaki nayo, na asilimia 40 yake analipwa kwa tiketi tu. Ikikosekana namba 0147 utaiulizia usiku uleule. Iliyoharibika isitupwe, ifutwe kwa mstari na ibaki kitabuni.

LipaTu yuko sawa nusu. Ukiondoa keshi, droo inapona, lakini msusi bado anaweza kumwambia mteja "nitumie kwenye namba yangu". Akipokea 35,000 kimyakimya anapata yote badala ya 14,000. Hata tiketi haimkamati, maana hakuikata. Kinachomkamata ni kuhesabu pakiti za rasta asubuhi na jioni: zimetoka 12, tiketi zinaonyesha 9, tatu zimesukwa kichwa gani?

LipaTu
Na wateja wanaokuja na rasta zao?

Mhasibu_Mstaafu
Hapo hesabu ya pakiti haisaidii. Sina dawa nyingine zaidi ya mtu kuhesabu vichwa vilivyokaa kwenye viti.

Mama_Sinza
Ile 15,000 iliyobaki sijaiona. Binti anasema kuna kuosha na draya ambapo mteja alimtumia msusi moja kwa moja, msusi anakana. Nanunua vitabu vya tiketi kesho, kila msusi na chake. Bibi harusi akilipa kianzio Alhamisi na kusukwa Jumamosi, nikate tiketi lini?

Mhasibu_Mstaafu
Alhamisi, kwa kiasi alicholipa, uandike "kianzio". Jumamosi kata ya pili kwa salio tu, ukitaja namba ya ile ya kwanza, la sivyo utaitafuta hela ya Alhamisi kwenye droo ya Jumamosi. Asilimia ya msusi ilipwe kazi ikiisha.