Kamaliza keshi yote asubuhi, halafu ananiambia nifunge kibanda!

Kibanda_cha_Njano
Mnamjua. Yule mnunuzi wa ng'ombe mwenye kofia pana, anayetembea kama mnada wote ni zizi la babu yake. Leo mbele ya foleni: "Kama huna hela, funga kibanda!"

Hela kaimaliza nani? Nimefungua na mtaji wa milioni 2, keshi 1,400,000 na floti 600,000. Keshi nimezidisha makusudi, maana asubuhi ya mnada watu wanatoa tu, hakuna anayeweka. Bwana mkubwa kaja wa kwanza, katoa 1,200,000 kwa mpigo. Nikabaki na laki mbili. Watu sita wa elfu thelathini wakafuata, droo ikawa na elfu ishirini, na floti kwenye simu 1,980,000. Ndipo akarudi anataka laki tano nyingine. Funga kibanda!

Hiyo floti haigeuki keshi mpaka mchana, wauza ng'ombe wakishalipwa na kuja kuweka. Angepiga simu jana jioni ningemtengea. Funga kibanda! Mimi?

Mama_Laini_Tatu
Milioni 2 mnadani? Huo mtaji wa kijiweni, kaka.

Dogo_Wakala
Weka floti nyingi, hutaaibika.

Mzee_wa_Droo
Dogo, floti nyingi ni ya saa nane, watu wakija kuweka. Asubuhi itakaa inakutazama. Njano, kosa lako ni kumpa mtu mmoja karibu droo nzima. Mimi kabla ya saa sita simpi mtu zaidi ya laki nne. Kamisheni ni ya ngazi: miamala mingi midogo inalipa kuliko mmoja mkubwa wa jumla hiyohiyo.

Mama_Laini_Tatu
Na yeye akatoe kwa mawakala watatu, alipe makato mara tatu? Hapo ndipo matusi yanapoanzia.

Mzee_wa_Droo
Bora atukane mmoja kuliko foleni nzima. Keshi ikikata, usikimbilie wakala jirani, naye kakaukiwa vilevile. Nenda sheli au duka la jumla, wao asubuhi wana keshi na wanatakiwa kulipa mzigo. Muwekee mwenye duka milioni moja kwenye laini yake, akupe noti. Kamisheni ya kuweka unaipata na droo inajaa.

Kibanda_cha_Njano
Na kibanda namwachia nani? Sheli ni bodaboda nusu saa. Kaniambia FUNGA, jamani, watu wanasikia!

Neema_wa_Stendi
Jamani, nimetuma hela namba isiyo yangu, inarudije?

Dogo_Wakala
Piga huduma kwa wateja haraka, kabla hajaitoa.

Mama_Laini_Tatu
Mnalia asubuhi, mimi nalilia mchana. Wanaweka kwa fujo, noti za elfu kumi zimekunjwa na vumbi la zizi, unahesabu mbiombio, jioni unakuta tatu bandia. Ukiziinua kwenye mwanga, sura ya Nyerere haipo.

Dogo_Wakala
Tatu? Wiki iliyopita huku zilikuwa tano, na zote namba moja!

Mzee_wa_Droo
Namba moja? Weka picha hapa.