Kuhesabu puli, kuhesabu kamba au kukata mchoro kwa mstari: njia ipi haipotoshi?

MamaNeema: Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu ana mchoro wa puli mbili. Ya juu imefungwa kwenye boriti, na ya chini imebeba mzigo wa niutoni 600. Kamba imefungwa kwenye fremu ya puli ya chini, ikapanda na kuzunguka puli ya juu, ikashuka na kupita chini ya puli ya chini, kisha ikapanda hadi kwenye mkono unaovuta kuelekea juu. Yeye amehesabu puli, akapata faida ya kimakanika, yaani mara ambazo mzigo unazidi nguvu ya mkono, ya 2. Daftari lake linasema kamba inayovutwa isihesabiwe, na hapo pia anapata 2, ilhali jibu la kitabu ni 3. Naomba mnieleze ni njia ipi ya kuaminika.

Chande_fundi: Dada, mimi huhesabu puli tu na sijaona tatizo. Puli mbili ni 2, puli nne ni 4. Huenda kitabu kimekosea kuchapa.

MwalimuSaidi: Kitabu kiko sahihi, kaka Chande. Hesabu yako inatoka sawa pale ambapo mwanzo wa kamba umefungwa juu na mvutaji anavuta kuelekea chini, na kwa kuwa karakana nyingi hufunga hivyo, ni rahisi kuiona kuwa kanuni. Mchoro huu umefungwa kinyume chake.

MamaNeema, mwambie kijana achukue penseli azungushe duara kwenye puli ya chini pamoja na mzigo wake, kisha ahesabu mahali ambapo kamba inakata duara hilo. Ataona vipande vitatu: kile kinachoanzia kwenye fremu na kupanda, kile kinachoshuka kutoka puli ya juu, na kile kinachoelekea mkononi. Kwa kuwa kamba ni moja, vyote vina mkazo uleule na vyote vinavuta kwenda juu, basi kila kimoja kinabeba niutoni 200, na hiyo ndiyo nguvu ya mkono.

Maneno ya daftari yanafaa pale tu ambapo kipande cha mkononi kinatoka kwenye puli isiyosogea. Hapo duara halikigusi kabisa, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mwelekeo wa kuvuta. Tukiupindua mchoro huu, tukafunga mwanzo wa kamba kwenye boriti, tukaupitisha chini ya puli ya chini na kuumalizia juu ya puli ya juu, duara litakata vipande viwili tu na mkono utahitaji niutoni 300. Puli ni zilezile.

Nahodha_Lamu: Mwalimu, nina swali la jahazi. Tunapopandisha foromali, yaani mti unaobeba tanga, kamba ya jarari inapita kati ya puli mbili, gofia ya juu na abedari iliyoko sitahani. Mzigo uko juu kabisa, wala haukuning'inia kwenye gofia. Je, duara nilizungushe kwenye foromali?

MwalimuSaidi: Hapana, nahodha. Lizungushe kwenye gofia, kwa kuwa ndiyo inayosogea, hata kama inasogea kwenda chini. Henza, ile kamba iliyofungwa kwenye gofia, inapita kileleni mwa mlingoti na kuibeba foromali, hivyo uzito wa foromali unafika kwenye gofia kama mvuto wa kwenda juu. Vipande vya jarari vinavyoivuta gofia chini ndivyo vya kuhesabu. Kile mnachoshika mkononi, kikitokea kwenye abedari, hakimo.

Rehema_K: Naongeza tahadhari moja: kuhesabu vipande kunategemea kamba kuwa moja. Chukueni mchoro ambao puli ya mzigo ina kamba yake, ncha moja ikiwa darini na nyingine ikiwa imefungwa kwenye puli ya pili inayosogea. Puli hiyo ya pili nayo ina kamba yake, ncha moja darini na nyingine mkononi, inayovutwa kwenda juu. Duara la kwanza linakata vipande viwili, lakini jibu si 2. Kila kipande kina nusu ya mzigo, yaani niutoni 300, na nusu hiyo ndiyo mzigo wa puli ya pili, ambayo nayo inaigawa mara mbili. Mkono unavuta niutoni 150, na faida ni 4. Kila kamba inahitaji duara lake.

Chande_fundi: Nimekubali duara. Ila karakanani, kwa mfumo kama wa MamaNeema na mzigo wa niutoni 600, mizani ya kamba haikusoma 200. Ilisoma 275.

Rehema_K: Puli ya chini ina uzito gani?

Chande_fundi: Pamoja na ndoano yake ni kama niutoni 60.

Rehema_K: Basi vipande vitatu vinabeba 660, ambayo ni 220 kwa kila kimoja kabla ya msuguano. Zile 55 zilizobaki zinaweza kuwa za ekseli kavu au za kamba ngumu inayokataa kupinda. Jaribu kushusha mzigo polepole, usome mizani tena. Msuguano ukiwa ndio chanzo, namba itashuka chini ya 220.

MamaNeema: Ahsanteni sana. Kijana ameipata 3 kwa penseli yake. Swali lake sasa ni kuhusu mchoro mwingine ambao vipande viwili vimechorwa vikiinama kama herufi V. Je, navyo vihesabiwe kuwa viwili kamili?

MwalimuSaidi: Kila kipande kikiinama nyuzi 30 kutoka wima, kinainua takribani 0.87 tu ya mkazo wake, kwa hiyo viwili vinatoa kama 1.73. Lakini wachoraji wengine huinamisha kamba ili zisigongane kwenye karatasi. Pembe imeandikwa?

MamaNeema: Haijaandikwa.