Tupeane uzoefu: simu moja, iafoni pea mbili, nyie mnafanyaje?

MamaNasra: Juzi nimesafiri na mdogo wangu Dar hadi Mbeya. Muvi iko kwenye Samsung yangu, kila mtu ana iafoni zake za Bluetooth. Nikaunganisha pea zote mbili, sauti ikaja kwangu tu, mwenzangu anaangalia midomo. Kufika Chalinze tukaamua kugawana zangu, sikio moja moja. Nikasinzia, yangu ikadondoka chini ya siti. Mwenye uzoefu anisaidie.

Chogo_Fundi: Kuunganisha ni nusu ya kazi, dada. Vuta pazia la juu la simu, gusa Media output, utaziona pea zote. Weka tiki kwenye zote mbili. Kila pea ina mstari wake wa sauti, kwa hiyo mmoja anaweza kupunguza bila kumbughudhi mwenzake. Samsung wanayo hii tangu Galaxy S8 ya 2017. Ila simu ikipigwa, mazungumzo yanaenda pea moja tu.

Kibopa77: Muhimu simu iwe na Bluetooth 5. Ikiwa 5, inapeleka kote kote.

Chogo_Fundi: Hapana, kaka. Ya mke wangu ni 5.3, inaandika Connected kwenye pea zote mbili lakini inayotoa sauti ni moja. Anayeamua ni mtengenezaji wa simu, kama kaweka uwezo huo au hakuweka.

Zai_Tanga: Kwenye iPhone inaitwa Share Audio, kuanzia iPhone 8. Unasogeza AirPods za mwenzako karibu na simu, kifuniko wazi. Zangu zilikubali, za mume wangu ni za aina nyingine, zikagoma. Inataka AirPods au baadhi ya Beats.

Mpemba_Halisi: Yangu ya kushoto haisikiki kabisa, nifanyeje?

Zai_Tanga: Hilo jingine, ami. Anza kwa kuifuta uchafu kwenye tundu.

Dullah_Ubungo: Mimi kero yangu ni kupishana. Tunaangalia vichekesho na shemeji, yeye anacheka, mimi bado nasubiri neno la mwisho.

Chogo_Fundi: Kila iafoni huishikilia sauti kidogo kabla ya kuitoa, na aina moja hushikilia kuliko nyingine. Kwenye muziki hamtagundua, labda muanze kuimba pamoja. Tumieni za aina moja.

Dullah_Ubungo: Zetu ni aina moja, zimenunuliwa siku moja!

Chogo_Fundi: Hapo umenishinda.

Kibopa77: Basi rudini kwenye waya wa matawi mawili. Haupishani wala hauchaji.

Zai_Tanga: Simu yangu haina hilo tundu.

MamaNasra: Nimejaribu Media output sasa hivi jikoni, zote mbili zinasikika! Tatizo mdogo wangu kajaza sauti mpaka mwisho, namwita aje kukuna nazi, hasikii.