Kulisi ekari 4 Njoro kwa miaka 6: ua na dimbwi nitakavyojenga vitakuwa vya nani mwishoni?

mboga_njoro
Hamjambo wakulima. Kuna mzee ana shamba la ekari 9 huku Njoro na amekubali kunilisia ekari 4 kwa miaka 6. Kodi ni 15,000 kwa ekari kwa mwaka miaka mitatu ya kwanza, halafu 18,000. Anataka miaka mitatu ya kwanza yote mbele, yaani 180,000, na anataka tuanze tarehe 1 Julai. Nataka kuzungushia ua wa posti na seng'enge, fundi amesema 120,000, na kuchimba dimbwi la maji la kutandika laina kwa ajili ya kabeji na viazi. Mkataba alionipa ni karatasi moja. Inasema "mpangaji atarudisha shamba kama alivyolikuta", basi. Chifu yuko tayari kushuhudia. Je, inatosha? Na hivyo vitu nitakavyojenga vitahesabiwaje siku ya kuondoka?

Nyando_miwa
Ndugu, usimlisie mtu miaka 6. Mimi nililisia mtu wa miwa huku Muhoroni, akavuna, akavuna ratuni mbili, akaondoka na kuniachia visiki shamba zima. Kulima kwa trekta na kuvitoa kulinigharimu zaidi ya kodi ya mwaka mzima. Andika kabisa nani ang'oe visiki.

mboga_njoro
Asante, ila mimi ndiye mwenye kulisi, si mwenye shamba.

Nyando_miwa
Samahani, nilisoma haraka. Lakini hata mzee wako anaogopa hilohilo. Ndiyo maana ameandika "kama alivyolikuta".

posti_na_waya
Rahisi sana. Fanyeni mkataba wa miaka miwili, mkiuandika upya mara mbili. Mkataba usiozidi miaka 2 hausajiliwi wala hauendi bodi ya ardhi kuombewa kibali. Utaokoa pesa na safari.

rejista_Nakuru
Posti, umepata nusu. Ni kweli Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema lisi ya miaka 2 au chini yake, isiyo na haki ya kuongezwa, si ya kusajiliwa. Lakini bodi ni jambo la sheria nyingine, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, na hiyo inataja lisi ya ardhi ya kilimo bila kuitofautisha kwa miaka. Lisi isiyopata kibali cha bodi ni batili. Mboga akifukuzwa, atakachoweza kudai ni pesa alizolipa, kama deni. Ua na msimu wake havimo humo.

Mboga, kwa hali yako ningefanya hivi. Kwanza fanya sachi ya hati uone jina la nani liko kwenye rejista, na kama benki imeshika shamba. Kama mzee ana mke, naye atie sahihi ya kukubali, kwa sababu mali ya ndoa hailisiwi bila ridhaa ya mwenzi; bodi itamuuliza tu. Kwa kuwa unachukua 4 kati ya 9, mpima achore ramani ndogo yenye vipimo na iambatanishwe. Usipime kwa hatua. Ekari ni mita mraba 4,047, na kosa la hatua chache kila upande ni robo ekari ya ugomvi. Mkishatia sahihi mbele ya mashahidi, ombi la kibali lifike bodi ndani ya miezi 6. Kibali kikitoka, lisi ya zaidi ya miaka 2 isajiliwe. Ushuru wa stempu kwa lisi inayopita miaka 3 ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka, kwako hautafika 1,500. Faida ya kusajili ni kwamba mzee akiuza au akifariki, mnunuzi au warithi wanakukuta pale na haki yako. Mkataba wa chifu hauna nguvu hiyo. Chifu ni shahidi mzuri, lakini si bodi.

Na tafadhali, usitoe 180,000 kabla ya kibali. Kulipa au kuingia shambani kwa kuendeleza mpango batili ni kosa kwa mujibu wa sheria hiyohiyo. Lipa mwaka mmoja kibali kikitoka, kupitia benki au M-Pesa ili rekodi ibaki.

posti_na_waya
Basi kila anayekodi kipande cha viazi msimu mmoja anavunja sheria? Huku Bahati na Subukia hakuna anayekwenda bodi.

rejista_Nakuru
Hapo hata mawakili hawakubaliani. Kuna wanaosema ruhusa ya kulima zao moja si lisi, ni leseni tu. Kuna kesi pia ambapo mahakama imemwokoa mtu asiye na kibali kwa misingi ya haki. Kwa msimu mmoja wa viazi sitakugombeza. Kwa mtu anayechimba dimbwi na kufunga ua, siwezi kumshauri ategemee huruma ya hakimu.

MamaSamadi
Mimi nazungumzia tarehe, maana hakuna aliyeigusa. 1 Julai ni mtego. Mwaka wa mwisho, 30 Juni, mahindi ya Njoro yako shambani, yamepandwa Machi au Aprili, hayavunwi kabla ya Oktoba. Kabeji nazo zitakuwa katikati. Mzee atasema mkataba umekwisha na mazao yaliyo juu ya ardhi ni yake. Weka lisi iishe 31 Januari. Ukitaka kuingia Julai hii, miezi saba ya kwanza ilipiwe kwa hesabu ya miezi, yaani 35,000 kwa ekari zote 4, halafu miaka kamili ianze 1 Februari. Na muandike: zao lililopandwa kwa wakati wake na halijakomaa siku ya mwisho, mpangaji atapewa hadi siku 60 kulivuna, akilipa kodi ya siku hizo.

mboga_njoro
Sikuwa nimefikiria hilo, mama. Na ua je?

rejista_Nakuru
Kanuni ni kwamba kilichofungwa ardhini kinahesabiwa sehemu ya ardhi, mpaka mkataba useme vingine. Posti zilizomwagiwa zege zitabaki bure kama hujaandika. Kwa hiyo gawa vitu makundi mawili. La kwanza ni vinavyoondoka nawe: pampu, mipira ya dripu, tangi, laina ya dimbwi. Andika kwamba unaweza kuvitoa ndani ya siku 30 za mwisho, na ukiharibu kitu wakati wa kung'oa urekebishe. La pili ni vinavyobaki, na hivyo ndivyo vya kupigiwa hesabu.

Ua wa 120,000 mkubaliane utaishi miaka 10. Kila mwaka unapoteza 12,000. Baada ya miaka 6 umebaki na thamani ya 4/10, yaani 48,000. Wazee wengi hawana 48,000 taslimu siku hiyo, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kwa hiyo usimwachie deni, ikate kwenye kodi ya mwaka wa sita. Kodi hiyo ni 72,000. Ukitoa 48,000, unalipa 24,000 na ua unabaki kuwa wake. Mzee akivunja mkataba mapema, tuseme mwishoni mwa mwaka wa tatu kwa sababu amepata mnunuzi, hesabu ni 7/10, yaani 84,000, pamoja na kodi yoyote uliyolipa mbele na thamani ya zao lililo shambani. Lakini ukivunja mkataba wewe mwenyewe, hupati kitu kwa ua. Hilo ni haki kwa mzee pia.

Kifungu kinaweza kusomeka hivi: "Ua uliojengwa kwa idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, kwa gharama iliyothibitishwa kwa risiti isiyozidi 120,000, utahesabiwa kupungua thamani kwa sehemu moja ya kumi kila mwaka. Salio litakatwa kwenye kodi ya mwaka wa mwisho." Maneno "idhini ya maandishi" na "isiyozidi" yanamlinda mzee dhidi ya mpangaji anayejenga kasri halafu aje na bili. Bila hayo asitie sahihi, nami nisingemlaumu.

MamaSamadi
Na chokaa ya shambani? Wengi wanataka kulipwa chokaa.

rejista_Nakuru
Chokaa uliyoweka mwaka wa kwanza umeila mwenyewe, usidai. Nguvu yake ardhini ni miaka mitatu, minne. Ukiweka katika miaka miwili ya mwisho, hapo dai nusu. Samadi nisingedai kabisa.

MamaSamadi
Hapo tunatofautiana. Mtu akimwaga lori tano za samadi mwaka wa tano, mwenye shamba anavuna mwaka wa saba. Lakini ni ngumu kuithibitisha, nakubali.

Nyando_miwa
Sasa ile "kama alivyolikuta"?

rejista_Nakuru
Ifutwe, iandikwe hali yenyewe. Kabla ya kuingia, chukueni udongo sehemu 10 hadi 15 za zile ekari 4, kina cha sentimita 20, uchanganywe ndoo moja safi, kiasi cha nusu kilo kipelekwe maabara. Majibu ya pH na rutuba yanatiwa sahihi na wote wawili na kushikizwa kwenye mkataba, pamoja na picha za mipaka, mitaro na miti iliyopo. Siku ya kurudisha mnapima tena maeneo yaleyale. Halafu taja vitu: shamba liwe limevunwa, masalia yameondolewa, sangari haijaachwa kutambaa, mitaro ya kuzuia mmomonyoko haijalimwa. Mpangaji asipande mikaratusi wala miti ya kudumu bila maandishi. Hayo yakikosekana, mnagombana kuhusu kumbukumbu ya mtu.

mboga_njoro
Nimeongea na mzee leo jioni. Tarehe amekubali, ua amekubali wa kukatwa kwenye kodi, na mkewe yuko tayari kwenda bodi. Amekataa dimbwi. Anasema hataki shimo shambani kwake nikishaondoka, na ana wajukuu.

MamaSamadi
Kwa wajukuu hao ana haki. Dimbwi la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita 2 halina mchezo na mtoto, na kingo zenye laina huteleza, mtu mzima hatoki kirahisi. Lazima liwe na ua wake lenyewe tangu siku ya kwanza.

rejista_Nakuru
Mpe chaguo: miezi 3 kabla ya mwisho anakuandikia kama anataka libaki au lifukiwe. Likifukiwa, gharama ni yako. Ndiyo maana siku ya kuchimba ule udongo wa juu, sentimita 30 hivi, ukae rundo lake peke yake na upandwe nyasi usisombwe na mvua. Ule wa chini rundo lingine. Ukivichanganya utamrudishia mzee kiraka cha udongo mwekundu kisichoota kitu, na hapo atakuwa na dai la kweli. Akikataa hata hivyo, tangi za plastiki juu ya ardhi zitakugharimu zaidi kwa kila lita, lakini unaondoka nazo.

mboga_njoro
Nitampelekea kwa maandishi Jumamosi. Tangi pia nitaulizia bei.