Naombeni ushauri: swali la tangi la koni limeleta ugomvi nyumbani

Njia_Panda: Wakuu salaam. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha sita, kaja na karatasi ya hesabu imenivuruga kichwa. Swali: tangi la umbo la koni lina kimo cha mita 6, na nusu kipenyo cha mdomo ni mita 2. Maji yanaingia kwa mita za ujazo 0.5 kila dakika. Kina kikifika mita 3, maji yanapanda kwa kasi gani? Mwalimu anasema mita 0.48 kwa dakika. Binti anang'ang'ania 0.16. Kuna na la pili, la mtu na taa ya barabarani, nalo lina utata. Aende kwa mkuu wa shule au anyamaze? Tangu juzi silali.

Fundi Bati: Mimi natengeneza faneli za mashine za kusaga, miaka kumi na moja sasa. Maji yasipopanda inavyotakiwa kagua mshono wa chini. Koni huvujia kwenye ncha, si ubavuni. Na kwa mita 6, bati ni geji gani?

Mama Wawili: Anyamaze. Wakati wetu ukimwambia mwalimu kakosea unarudi nyumbani umevimba mikono. Watoto wa sasa midomo mbele.

Kokotoa: Mkuu, kabla ya mkuu wa shule: ncha ya tangi iko chini au juu? Na weka hatua za mwalimu. Jibu tupu halionyeshi alipojikwaa.

Kiduku: Hapo kwenye ncha ndipo penyewe. Ikiwa juu, jibu linageuka kabisa. Mwalimu anaweza kuwa sahihi.

Njia_Panda: Ncha iko chini. Hatua mbona ni safi tu. Kina cha mita 3 ni nusu ya kimo, kwa hiyo nusu kipenyo cha maji ni mita 1. Ujazo unakuwa π/3 mara h. Ukidifrenshieti, dV/dt ni π/3 mara dh/dt, na ukiweka 0.5 unapata 0.48. Mimi kosa silioni.

Kokotoa: Kosa ni la mpangilio. Hiyo mita 1 ni kweli, lakini ni kweli kwa dakika ileile tu. Ukiiingiza kabla ya kudifrenshieti umesema maji yanapopanda hayapanuki, na kwenye koni yanapanuka. Ukate tangi wima katikati utaona pembetatu mbili zinazofanana, ya tangi na ya maji, zote zimesimama kwenye ncha. Kwa hiyo r/h ni 2/6 muda wote. Unamtoa r kwanza, ndipo unadifrenshieti, na 3 inaingia mwisho kabisa:

```
r = h/3
V = πh³/27
dV/dt = (πh²/9)·dh/dt
h = 3:  0.5 = π·dh/dt
dh/dt = 0.159
```

Binti yuko sahihi. Angalia pia kwamba mwalimu kapitiliza mara tatu kamili. Kwenye koni ukimgandisha r mapema ni mara tatu daima, kwa hiyo ukikuta jibu la mtu limezidi mara tatu, usihangaike kutafuta kosa kwingine.

Kiduku: Mbona unaruka hoja yangu ya ncha juu?

Kokotoa: Siiruki. Hoja ni nzuri, ila namba za swali hili zimekukwepa. Kasi ya kupanda ni maji yanayoingia kugawa kwa eneo la uso wa maji. Katikati ya kimo uso ni uleule, nusu kipenyo mita 1, ncha ikae juu au chini. Ingekuwa kina cha mita 2 ungeshinda: ncha chini nusu kipenyo ni 2/3, ncha juu ni 4/3, eneo linapishana mara nne.

Njia_Panda: Lakini wako wanaosema kwa kuwa r imeshajulikana hakuna dhambi kuiweka mapema. Mwalimu anaweza kujitetea hivyo.

Kokotoa: Basi weka dirivativu pembeni, mimina maji tu. Kina cha mita 3, ujazo ni π, yaani 3.14. Dakika moja baadaye ni 3.64. Rudisha kwenye πh³/27, kina kipya ni mita 3.15. Kimepanda sentimita 15, pungufu kidogo ya 16 kwa sababu tangi limezidi kupanuka ndani ya dakika hiyo. Kufika 3.48 kunahitaji ujazo wa 4.90, maji ya dakika tatu na nusu. Huyo mwalimu ana bomba la pili?

Fundi Bati: Hiyo kweli. Faneli ukiijaza, chini maji yanaruka, juu unasubiri mpaka unasinzia.

Shahidi wa Saba: Samahani, hii hadithi ya mpwa inanuka. Mtu aliyeletewa karatasi jana anatetea njia ya mwalimu kuliko mwenye nayo? Na "wako wanaosema" ni akina nani? Tuletee swali la pili lilivyoandikwa, neno kwa neno.

Njia_Panda: "Mtu mwenye urefu wa mita 1.8 anatembea kwa 1.4 m/s akiondoka kwenye nguzo ya taa yenye kimo cha mita 6. Akiwa mita 10 kutoka kwenye nguzo, kivuli chake kinaenda kwa kasi gani?" Jibu ni 0.6.

Shahidi wa Saba: 6 toa 1.8 ni 4.2. Kivuli kinakuwa 3/7 ya umbali, halafu 1.4 mara 3/7 inatoka 0.6 bila mkia. Hizo namba zimepikwa na mtu aliyekaa mezani, na wewe unazijua kwa kichwa. Mpwa hayupo. Wewe ndiye mwalimu.

Mama Wawili: Mungu wangu.

Njia_Panda: Sawa. Ni mimi. Najitolea shule moja, sina hata ajira. Karatasi nimeshazirudisha. Darasani ni 34, na waliopata 0.16 ni watano, wote nimewapiga mkasi. Alama zimeshaingizwa. Nilikuwa nimepanga Jumatatu niseme swali lilikusudia r isibadilike, nibaki na skimu yangu. Sioni ubaya, swali ni langu.

Kiduku: Tangi la koni ambalo r haibadiliki ni pipa, mwalimu.

Kokotoa: Usifanye hivyo. Hao watano watajua, na wale 29 wataingia mtihani wa taifa wakigandisha r. Mimina ile dakika moja ubaoni mbele yao, kisha rekebisha alama. Na la kivuli nalo tazama upya. Kivuli kinarefuka kwa 0.6, lakini ncha yake inakimbia kwa 2.0, maana mtu mwenyewe anaiongezea 1.4. Umeuliza "kinaenda". Aliyeandika 2.0 kakosa nini?

Njia_Panda: Wapo wanane wa 2.0. Hilo sibadili. Kivuli ni urefu.

Shahidi wa Saba: Ungeandika "kinarefuka".

Kokotoa: Mimi ningewapa. Na hiyo mita 10 ulimwekea nani? Haiingii popote.

Njia_Panda: Mtego.

Kiduku: Umemnasa nani?

Mama Wawili: Mimi usiku nikipita chini ya taa ya kanisani kivuli kinanitangulia hadi naogopa. Kumbe kina haraka kuliko mimi.

Njia_Panda: La tangi nitarekebisha. La kivuli niacheni nilifikirie.

Fundi Bati: Kwa hiyo tangi halivuji?