Naomba ushauri: hadithi yangu ya meseji iliyokosewa namba, wasomaji wanasema urafiki wake hauaminiki

Kalamu Butu
Habari za muda huu wakuu. Nimeandika hadithi fupi, maneno kama elfu mbili hivi, nikawapa jamaa zangu wasome na wote wamerudi na jambo moja, kwamba mwanzo umekaa vizuri ila wale watu wawili wamekuwa marafiki kimazingaombwe.

Iko hivi. Binti anahamisha picha kutoka simu kuukuu ya baba yake mzee Sudi kwenda simu mpya, katikati ya picha za risiti na picha za ukutani zilizopigwa kwa bahati mbaya anakutana na skrinshoti moja ya Wasap. Kulia, kwenye kijani, na tiki mbili za bluu:

"Kaka nimefika. Geti la mbele wamefunga nipo kwenye benchi huku nyuma. Usisahau zile karatasi, bila hizo hawanisikilizi"

Chini yake kushoto, jibu:

"Samahani dada umekosea namba. Ila mpigie kaka yako sasa hivi kabla hajatoka asije akaziacha"

Meseji ya kwanza ni saa 7:42 mchana na jibu ni 7:43. Baada ya hapo naruka, aya inayofuata inaanza "Miaka kumi na moja baadae Rehema ndiye aliyekaa kiti cha mbele kwenye harusi yangu." Hapo kwenye kuruka ndo nalaumiwa. Nikijaza chati zote naona itachosha, nisipojaza hawaniamini. Nifanyeje? Naomba kuwasilisha.

Chui Macho
Mkuu kaa mbali na huyo dada. Hiyo ni staili yao, anajifanya amekosea namba, ukimjibu kistaarabu anakwambia wewe ni mtu mwema sana, siku mbili tatu anatuma picha, mkishazoeana ndo anakuletea habari ya mjomba wake anayefanya biashara ya sarafu za mtandaoni. Mwanzoni anakuonyesha faida kwenye skrini, ukitaka kutoa hela unaambiwa lipia kodi kwanza. Mbloki na usibonyeze linki yoyote.

Kalamu Butu
Hahaha mkuu Rehema hayupo, nimemtunga mimi. Ni hadithi.

Chui Macho
Wote huwa wanasema hivyo. Haya, mimi nimesema.

Fundi Maneno
Dawa ni ndogo, weka chati zote kama zilivyo. Msomaji anataka uhalisia, aone "mambo", "poa", "umelala?", aone siku zinavyopita, ukimpa meseji hamsini za namna hiyo mwenyewe ataamini. Na usisahihishe tahajia, mtu akiwa kwenye benchi roho juu haandiki kwa nukta na mkato. Halafu kitu kingine, simu gani hiyo inasoma 7:42 mchana? Simu haijui saa za Kiswahili, itaandika 13:42 au 1:42. Binti akiisimulia ndo aseme saa saba na dakika arobaini na mbili.

Mama Tunu
Jamani mimi hii imenipata kweli. Kuna mtu alinitumia "mwalimu mtoto ameamka na homa leo haji", mimi hata si mwalimu, nikamjibu sio mimi lakini mtoto anaendeleaje. Hatukuwa marafiki siku hiyo wala mwezi huo, wala msidhani tulikuwa tunachati. Ilikaa kimya muda mrefu tu, siku moja naona "yule mtoto wa homa leo amefaulu mtihani", nikacheka peke yangu. Mpaka leo kwenye simu nimemsevu "Sio Mwalimu" na jina lake nalijua vizuri sana ila kubadilisha naona kama namkosea. Hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Mhariri Mstaafu
Kalamu Butu, mwanzo wako una kitu kikubwa na wewe mwenyewe hujakiona. Skrinshoti ina mwenyewe. Kwenye Wasap meseji uliyoandika wewe inakaa kulia na ndiyo yenye tiki, ya mwenzako inakaa kushoto bila tiki. Sasa ya Rehema umeiweka kulia, kijani, tiki mbili. Maana yake picha hiyo ilipigwa kwenye simu ya Rehema, sio ya Sudi. Imefikaje kwenye simu ya baba?

Njia ya mkato ni kugeuza pande, Rehema aende kushoto, Sudi kulia, yaishe. Usifanye hivyo. Iache kama ilivyo halafu ujibu hilo swali. Jibu ni kwamba Rehema ndiye aliyeipiga picha ile chati akaihifadhi, na siku moja akamtumia Sudi. Kwa hiyo kuna siku mwanamke huyu alirudi juu kabisa ya mazungumzo yao, akavuta mpaka meseji ya kwanza, akaipiga picha. Siku gani hiyo, na kwa nini? Ukishajua, katikati ya hadithi yako umeipata, na hiyo aya ya kuruka miaka kumi na moja huihitaji tena.

Tazama na juu ya skrini. Simu inaonyesha jina ulilosevu. Rehema alidhani anamwandikia kaka yake, basi juu pale panasomeka "Kaka", na anayejibu sio kaka. Binti anaona baba yake ameitwa Kaka na mtu asiyemjua. Hapo msomaji hatoki.

Fundi Maneno
Lakini mkuu kukosea namba si ni tarakimu moja tu, sita inakuwa tisa? Akishagundua anafuta anaandika upya, jina "Kaka" linaondoka.

Mhariri Mstaafu
Ya tarakimu ndiyo ya kawaida na inatosha kabisa hapa. Ila kuna nyingine, namba ikikaa bila kutumika mtandao wa simu unaweza kumpa mtu mwingine. Hapo Rehema angekuwa hajakosea kitu, namba ni ile ile ya kaka, mtu ndo amebadilika, na kwenye simu yake meseji za zamani za kaka zingekuwa bado ziko juu ya jibu la Sudi, kwenye chati moja. Hiyo ni hadithi nzito zaidi na nyeusi zaidi, maana utaulizwa kaka yuko wapi. Hii ya Kalamu Butu inataka kaka aliye hai anayekuja na karatasi, kwa hiyo tubaki na sita na tisa. Na hata akisahihisha, kama skrinshoti aliipiga kabla ya kubadilisha jina, "Kaka" linabaki kwenye picha milele.

Kuhusu chati hamsini nakuunga mkono nusu. Tahajia usiguse, hapo upo sahihi. Wingi hapana. Mambo, poa, umelala ni meseji ambazo mtu yeyote angemtumia yeyote, hazimwonyeshi Sudi wala Rehema. Mama Tunu ameeleza vizuri kuliko sisi wote, homa na mtihani, katikati kimya. Meseji ya kwanza imekuja kwa bahati mbaya, haina kazi ya kuaminisha. Inayobeba hadithi ni ya pili, kwa sababu hiyo mtu ameamua mwenyewe kuituma.

Na Sudi amekurahisishia. Hakusema umekosea namba akaishia hapo, ameacha jambo ambalo halijajibiwa, karatasi zilifika au hazikufika? Rehema ana deni la kumwambia. Jioni anaandika maneno matatu tu, "Zilifika. Walinisikiliza. Asante", na msomaji hatashangaa kwa nini ameandika. Halafu acha kimya kiwe kirefu.

Kitu cha mwisho, dakika moja kati ya 13:42 na 13:43. Nani anamjibu mtu asiyemjua ndani ya dakika moja, tena kwa ushauri? Mtu aliyeshika simu mkononi anasubiri meseji ya mtu mwingine. Sudi alikuwa anasubiri ya nani? Sio lazima useme yote, ila wewe mwenyewe ujue.

Chui Macho
Sawa nimeelewa ni hadithi. Lakini wasomaji wako watawaza kama mimi, huyo Sudi hana hata wasiwasi?

Mhariri Mstaafu
Chui umesema la maana sasa. Kwa msomaji wa leo meseji iliyokosewa njia ni utapeli mpaka ithibitike vinginevyo. Mpe Sudi wasiwasi huo huo, awe anasubiri siku atakayoombwa hela, na siku hiyo isifike. Au bora zaidi wa kwanza kuomba kitu awe Sudi, na kiwe kidogo.

Zinduka
Mbona kuna ya kweli kabisa kama hii, Marekani, Arizona. Mwaka 2016 bibi anaitwa Wanda Dench alituma meseji ya kumwalika mjukuu wake kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani ikaenda kwa kijana wa miaka 17 asiyemjua, Jamal Hinton. Wakatumiana picha, kijana akaona huyu sio bibi yangu, akauliza bado naruhusiwa kuja? Akaambiwa njoo. Skrinshoti ikasambaa dunia nzima. Mume wa yule bibi alifariki 2020 na urafiki haukufa, wakaendelea kukutana mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo Kalamu Butu waambie hao jamaa zako kwamba yanatokea.

Mhariri Mstaafu
Kuwaambia yametokea hakutamsaidia, msomaji wa hadithi hasomi cheti. Ila angalia kilichowashika wale wawili. Skrinshoti iliwapa umaarufu tu. Walikuwa na siku inayojirudia kila mwaka, mtu anajua mwezi fulani nitakwenda kwa fulani. Rehema na Sudi nao watafutie kitu kinachorudi. Pengine kila mwaka tarehe ile ya benchi mmoja anamwandikia mwenzake "karatasi zimefika?" na hakuna kingine.

Mama Tunu
Msiwakutanishe basi. Harusini kiti cha mbele mmeniharibia, uzuri wote ni kutoonana.

Fundi Maneno
Miaka kumi na moja bila kuonana? Hapana dada, hapo msomaji atakimbia. Lazima waonane hata mara moja.

Kalamu Butu
Wakuu nimekaa na simu kabisa nikajaribu kutuma na kupiga picha, ni kweli pande zinanisuta. Nimeandika upya kipande, oneni:

"Juu ya skrini palikuwa pameandikwa Kaka. Baba hana dada. Nikamuuliza huyu aliyekuita kaka ni nani, akachukua simu, akaisogeza mbali na macho kama anavyofanya akikosa miwani, akasema, alinitumia hiyo siku walipomrudishia nyumba yake. Nikamuuliza nyumba gani. Akasema, hukuona karatasi?"

Mama Tunu naomba kulitumia lile la kumsevu mtu kwa jina la kukosea, nitabadilisha lisiwe Sio Mwalimu. La kuonana bado sijaamua, harusi nimeitoa kwa sasa.

Mama Tunu
Tumia tu, ila yule mtoto wa homa usimguse.

Zinduka
Swali dogo, kama baba hana dada na Rehema kashajua kitambo kuwa sio kaka yake, kwenye simu ya baba Rehema amesevuwa nani?